Fundi wa Vyerehani Aomba Kujitolea

Duka la Profesa lilikuwa na kompyuta mbili, mashine ya kutoa nakala, na barua moja ya maombi. Moja tu, lakini ilishawaombea kazi watu wa mtaa mzima. Profesa alibadilisha jina, akabonyeza kitufe, basi. Uprofesa wenyewe hakupewa na chuo, alijipa, akajipongeza.

Asubuhi moja aliingia mama wa makamo, fundi wa kutengeneza vyerehani. Shirika la hisani la ng'ambo lililokuwa likigawa vyerehani vilivyotumika lilitafuta watu wa kujitolea kufundisha matengenezo kwa video. Maombi yatumwe kwa barua pepe, kwa Kiingereza. Fundi alilitaka jambo hilo kuliko alivyokubali kusema. Miaka ishirini na miwili ya ufundi, na wanawe wawili wamechagua kuuza vifuniko vya simu. Ujuzi wote huo, na wa kumwachia hana.

Profesa aliisoma barua kwa Kiswahili, kwa sauti ya mtangazaji. "Nina shauku kubwa. Naongea Kiingereza kama maji. Ni kiongozi mahiri. Napatikana wakati wowote."

"Huyo nani?" Fundi akauliza.

"Ni wewe, mama."

"Mpe hongera. Mimi utaniandika lini?"

"Mama, ukisema ukweli mtupu hawakuchukui."

"Na wakinipigia video, nimtume huyo kiongozi mahiri akafungue gurudumu?"

Profesa alifuta yote kwa uso wa mtu anayezika ndugu. Fundi akasema, naye akageuza kwa Kiingereza: vyerehani vya mkono na vya miguu anavijua vizuri; vya umeme, mota na waya tu; vya kompyuta havijui kabisa. Kiingereza anakisoma polepole, kuongea anahitaji mkalimani. Atapatikana Jumanne na Alhamisi, saa tisa alasiri ya huku, kwa sababu siku nyingine anamuuguza mama mkwe.

"Hata 'najifunza haraka' nisiweke?"

"Cherehani cha kompyuta nimekikwepa miaka minane, mwanangu. Haraka iko wapi?"

Siku tisa zikapita, Profesa akimpa pole kila alipopita dukani. Siku ya kumi jibu likaja, naye akalisoma, sauti ikipungua kadiri alivyoendelea. Shirika lilipokea maombi saba kutoka mjini humo. Sita yalifanana neno kwa neno, hata koma, nayo yamewekwa kando. La saba lilieleza mtu anaweza nini na lini. Wangependa kuongea naye Alhamisi alasiri, mkalimani akiwepo. Wakiridhika, aanze mwezi mmoja wa majaribio, kwa vyerehani vya miguu.

"Sita," Fundi akasema. "Mtaa una viongozi wengi."

Profesa alipata ghafla kazi ya kupangusa kioo cha kompyuta.

"Wajibu kwamba nitakuwepo. Waambie pia Alhamisi ya mwisho wa mwezi sipo, mama mkwe ana kliniki."

"Mama, hata hawajakuchukua."

"Ndiyo maana nawaambia mapema."

Profesa aliandika alivyoambiwa.