Vichwa Vinne vya Hukumu ya Baba Mdogo

Ijumaa karatasi ya dada ilisema baba mdogo ameshinda kesi. Jumatatu karatasi ya dada, mwandiko uleule, kalamu ileile, ikasema hajashinda. Katikati ya siku hizo mbili iliingia nyumbani kwetu chupa ya asali. Hata mimi, ambaye hesabu darasani nabahatisha, hapo nilijumlisha.

Nianze na shamba. Baba mdogo anagombea ekari tatu kule Ilembo na jirani yake, mzee mmoja mpole sana, mpole mpaka unaanza kumwogopa. Kwenye baraza la ardhi alishinda jirani. Baba mdogo akakata rufaa Mahakama Kuu, na hukumu ilipotoka akaja nayo kwetu Kawajense, ameificha ndani ya shati kama kitu cha wizi. Kurasa kumi na moja, Kiingereza kitupu. Yeye alikuwa ameambulia maneno mawili tu, aliyotafsiriwa na mtu pale nje ya mahakama: rufaa imekubaliwa. Yalimtosha. Alishaongea na mwenye ng'ombe wa plau, Jumanne asubuhi waingie shambani, mahindi ya jirani yaliyofika magotini yageuzwe udongo.

Sasa dada yangu anasoma sheria mwaka wa tatu, na likizo ile alikuwa fildi, yaani mafunzo ya vitendo, kwenye ofisi ya wakili mmoja mjini. Kazi yake kubwa ilikuwa kufupisha hukumu na kuzipanga chini ya vichwa vinne. Hoja, yaani swali ambalo mahakama inalijibu. Sheria, yaani kanuni inayolihusu swali hilo. Matumizi, yaani jaji alivyoichukua kanuni ile akaipima na yaliyotokea kwenye kesi hii hasa, siyo kesi ya jirani wa pili. Mwisho Hitimisho. Baba mdogo aliposikia kuna mashine ya namna hiyo ndani ya ukoo, akatoa zile kurasa.

"Nipangie na hii, mama," akamwambia dada. "Iwe fupi, ya Kiswahili. Nataka nikamsomee yule mzee mlangoni kwake."

Ijumaa dada akamaliza haraka, anataka kwenda saluni. Hoja: nani mmiliki halali wa shamba? Sheria: anayedai ndiye anayethibitisha. Matumizi: mistari mitano kuhusu mashahidi na mti wa mpaka. Hitimisho: rufaa imekubaliwa. Baba mdogo akaipiga picha kwa simu, akanywa chai vikombe vitatu, akaniita mwanasheria mdogo wakati mimi nilichofanya ni kushika taa ya simu tu.

Jumapili mke wa jirani akapita baada ya ibada. Hakukaa. Akaacha chupa ya asali, eti ya watoto, akaondoka. Mama akaiweka kabatini. Mimi niliionja kwa ajili ya uchunguzi. Uchunguzi ukafika nusu ya chupa.

Jumatatu jioni dada akarudi na karatasi ya pili. Ile ya kwanza alimwonyesha wakili, na wakili hakugombeza, aliandika swali moja tu kwa kalamu nyekundu pembeni mwa Matumizi: mstari gani wa hukumu unasema haya? Dada akatafuta siku nzima, hakuupata. Mashahidi na mti wa mpaka vilikuwepo, lakini mwanzoni, pale jaji anasimulia kila upande ulidai nini kule barazani. Kusimulia siyo kuamua. Alipofika kuamua, jaji alisema sababu moja ya rufaa inatosha, nyingine hatazigusa. Kwa hiyo Hoja ikawa mpya: je, maoni ya wazee wa baraza, wale wanaokaa na mwenyekiti kusikiliza kesi, yaliandikwa na kusomwa mbele ya wahusika kabla mwenyekiti hajatoa hukumu? Sheria: lazima. Matumizi: kwenye jalada hayamo, wala hakuna palipoandikwa kwamba yalisomwa. Hitimisho: kila kilichofanyika barazani kimebatilishwa, kesi isikilizwe upya.

Baba mdogo aliisoma mara mbili akiwa amesimama. Halafu akatoa simu akafungua ile picha ya Ijumaa, akaziweka sambamba.

"Ijumaa nilikuwa mshindi," akasema. "Jumapili wewe ulikuwa na nani?"

"Nilikuwa kanisani, baba. Na wewe ulikuwa benchi la nyuma yangu, unasinzia."

Baba mdogo akajibu kwamba kusinzia hakuondoi asali. Mimi mdomo wangu hauna komeo, nikaongezea kwamba Jumamosi nilimwona dada akishuka kwenye bodaboda ya mtoto wa jirani yuleyule. Dada akanitazama kwa jicho ambalo mpaka leo sijalipiwa fidia. Akasema kijiweni bodaboda ilikuwa ya kijana huyo tu, angepanda ya nani? Jibu zuri. Zuri mno, nikaona.

Baba mdogo akasema haamini karatasi ya mtu yeyote tena, akanisukumia hukumu yenyewe mapajani. "Huyu atanisomea. Huyu hajanunuliwa, nani aone faida ya kumnunua?"

Nilifurahi, nikiri. Nilitaka kumkamata dada mchana kweupe. Nikachukua kamusi ya shule na kalamu ya kijani, nikapiga mstari kila sentensi inayotaja shamba. Kurasa tano za mwanzo zikawa kama bustani ya mchicha. Lakini kila sentensi ilianza na mrufani alidai, mjibu rufaa akasema, shahidi wa pili akaeleza. Jaji mwenyewe hakuwa amefungua mdomo. Kuanzia ukurasa wa sita, alipoufungua, kijani kikakauka. Wazee, maoni, jalada, wazee, maoni, jalada. Nikarudi nyuma, nikaenda mbele, nikatafuta hata chini ya saini. Hakuna. Ukurasa wa mwisho neno moja likanishinda, kamusi ikanipa: kubatilisha. Dada alikuwa jikoni anakatakata nyanya kwa sauti kubwa kuliko kawaida.

Nikamwambia baba mdogo kwamba rufaa kweli imekubaliwa, ila habari ya shamba ni la nani, jaji hakuigusa.

"Kwa hiyo yule ameshindwa?"

"Hukumu yake imefutwa."

"Basi mimi nimeshinda."

"Hapana."

"Sasa nani kashinda, nyie watoto?"

Dada akatoka jikoni na kisu chake. "Hamna aliyeshinda, baba. Mnaanza upya barazani. Niliandika Hoja vibaya Ijumaa, nikakuandikia swali ambalo jaji hakuulizwa siku ile. Kosa langu, siyo la asali. Lakini kesho ukiingiza ng'ombe kwenye mahindi yake, kesi hiyo haiendi barazani. Inaanzia polisi."

Baba mdogo akakaa. Alikuwa anatutazama kwa zamu kama mtu anayetafuta nani kati yetu atacheka kwanza. Nilijikaza. Mwisho akampigia mwenye plau, akamwambia kesho wasiende Ilembo, jua limekuwa kali kwa ng'ombe. Mvua ilikuwa inanyesha. Mwenye plau naona hakuuliza.

Akakata simu, akaivuta karatasi ya pili, akaanza kuifuata kwa kidole, safari hii polepole, kuanzia Hoja. Kwenye Hitimisho kidole kikagoma mahali palipoandikwa kwamba kesi itasikilizwa na mwenyekiti mwingine na wazee wengine.

"Hawa wazee wengine," akamuuliza dada kwa sauti ya chini, "anawachagua nani? Na wanakaa mtaa gani?"