Chipsi za Moto wa Kwanza

Tulipokimbia vita Kismayo tukafikia Mombasa, mimi na mama mkwe wangu tuliuza chipsi, jiko letu moja tu la makaa. Viazi nilivikaanga kwanza kwa moto wa wastani, viive ndani bila kubadilika rangi. Nikaviopoa na kuviacha vipoe kwenye sinia, huku nikipepea makaa mafuta yachemke zaidi, ndipo nivirudishe vikauke nje.

Siku moja, nilipoinua kichwa kutoka kwenye makaa, sinia ilikuwa tupu. Mama mkwe alikuwa amemuuzia mteja viazi vile vyeupe.

“Mama, vilikuwa bado.”

“Vimeiva,” akanijibu kwa Kibajuni chetu. “Mchu ana njaa, wewe wamngojesha?”

Mteja akarudi na karatasi iliyolowa mafuta. “Mbona zimelegea hivi?”

“Mkwe wangu angali ajifunza,” mama mkwe akamjibu.

Niliumia. Nikamkaangia nyingine, mara mbili. Mama mkwe akaonja moja, ikavunjika kwa mlio, ndani laini.

“Wawatesa watu bure,” akasema, akachukua ya pili. Nilipomwomba asiguse tena sinia, alijifanya hasikii.