Kibanio cha Nguo na Maswali Manne

Wameniomba niandike, na wanajua fika kwamba kalamu na mimi hatujawahi kuelewana. Wanataka habari za Mkunjo, mpiga pasi wa chumba chetu cha kufulia hapa hospitalini, ziingie kwenye jarida la wafanyakazi. Kwani yeye hana mikono? Eti mimi ndiye niliyemsaidia. Haya.

Mkunjo ana miaka arobaini na kitu, watoto watatu, na shati lisilo na mkunjo hata mmoja. Jina tulimpa kwa utani. Miaka kumi na moja amenyoosha mashuka kwa pasi ya mkono. Ilipoletwa mashine kubwa ya kunyooshea, ofisi ikatangaza inatafuta wa kuiendesha, na fomu zirudi Ijumaa ya wiki ya nne kabla ya saa sita mchana. Kazi hiyo alikuwa anaifaa kuliko sisi wote. Fomu yake ilikaa mfukoni wiki tatu, ikapata mikunjo yote ambayo shati halikuwa nayo.

Mimi nilikuwa nimetoka semina. Nilipelekwa kwa sababu siku hizo msimamizi wetu alikuwa likizo na mimi ndiye mkubwa kwa umri. Tulifundishwa namna ya kuzungumza na mwenzako aliyekwama. Njia yenyewe inaitwa GROW, yaani kukua kwa Kiingereza, herufi nne, kila moja na kazi yake. Kwanza, anataka nini. Pili, hali ikoje sasa. Tatu, njia zipi zipo. Nne, atafanya nini, na lini. Wewe unauliza, yeye anajibu, na ushauri wako unakaa nao. Hilo la mwisho lilinikera, maana nina ushauri mwingi, tena mzuri.

Jumatano asubuhi tulikuwa tunakunja mashuka, yeye ncha zile, mimi ncha hizi.

"Bi Mkubwa, nimekwama," akasema.

"Si upeleke fomu! Unaiatamia?"

Akavuta ncha zake. Ndipo nikakumbuka semina. Nikachukua kibanio cha nguo, nikawa nakibana mdomoni kila nikimaliza swali. Kinauma, lakini kinafanya kazi.

"Unataka nini hasa?"

"Nionekane mtu."

"Utajuaje umeonekana? Ijumaa ikifika, unataka kiwe kimetokea nini?"

Akafikiri shuka zima. "Fomu iwe mezani kwao, na sahihi zote, kabla ya saa sita."

"Na sasa umefika wapi?"

"Nimejaza yote. Imebaki sahihi ya msimamizi."

"Umemwomba?"

"Sijamwomba."

"Nini kinakuzuia?"

"Lile pazia."

Kibanio kikaanguka.

Mwezi uliotangulia, pazia la wodi ya watoto liliungua kwa pasi, tundu la ukubwa wa sahani. Msimamizi akasema ni Mkunjo, kwa kuwa pasi ni yake. Mkunjo hakubisha, na tangu siku hiyo hawasemezani. Aliyeunguza ni mimi. Nilimshikia pasi alipokwenda kunywa chai, nikageuka kumgombeza mtu wa sabuni.

"Ulijua ni mimi?" Swali hilo semina halikuwa nalo.

"Nilikuta miwani yako juu ya meza ya pasi."

"Ukanyamaza?"

"Ungestaafu na barua ya onyo, Bi Mkubwa."

Tukakunja mashuka mawili. Mwalimu wa semina hakutuambia ufanyeje ukikuta kinachomkwamisha mwenzako ni wewe. Nikaokota kibanio, nikaendelea.

"Njia zipi zipo?"

"Niende nimwombe bila kutaja pazia. Au mkuu wa stoo atie sahihi badala yake, ofisi inaruhusu. Au niache."

"Nyingine?"

"Hakuna."

"Nyingine?" Tulifundishwa kuuliza tena hata akisema zimekwisha.

Akalitazama shuka. "Aliyeunguza aseme."

Hapo nilikibana kibanio kwelikweli. Nilipokitoa nikauliza, "Unachagua ipi?"

"Ya kwanza. Nitakwenda mwenyewe kesho saa nne, akishapokea nguo za upasuaji."

"Kutoka moja mpaka kumi, una uhakika kiasi gani kwamba utakwenda?"

"Nne."

"Ifike nane, kunahitajika nini?"

"Nisiingie peke yangu."

Kesho yake saa nne tukaingia wawili. Mkunjo akafungua mdomo, nikamtangulia. Nikasema pazia nililiunguza mimi. Msimamizi akanitazama weee, akauliza kwa nini nasema leo. Nikamwambia nimetoka semina.

Akatia sahihi. Ijumaa saa tano fomu ilikuwa mezani, na leo mashine anaiendesha Mkunjo. Barua yangu ya onyo alinisomea msimamizi mwenyewe, taratibu, kwa sauti nzuri, kama anasoma kadi ya harusi.

Basi wewe unayesoma, kama kuna mwenzako kazini aliyebeba lawama yako, weka jarida hili chini uende ukaseme. Kisha njoo chumba cha kufulia unieleze ulikwenda saa ngapi. Na aliyechukua kibanio changu cha bluu akirudishe, bado nakihitaji.