Dai Langu Moja Nililolivisha Nguo Sita

Kwa mwaka mzima niliamini kwamba wasahihishaji wa mtihani wa taifa hawasomi insha, wanahesabu. Ukisema hoja yako mara moja unapata alama moja, ukiisema mara sita unapata sita, mradi ubadilishe maneno wasikushtukie. Habari hiyo nililetewa na jamaa mmoja wa Kiwalani ambaye alishafeli mara tatu, nami sikujiuliza hata kidogo kwa nini mtu mwenye siri kubwa namna ile bado anarudia darasa.

Nilikuwa nabeba mifuko ya saruji ghalani tangu asubuhi. Saa kumi na moja jioni najikokota hadi darasa la jioni la watu wazima Temeke, kwenye madawati ya watoto wa darasa la pili, magoti yanagusa masikio. Uchovu ule ungegawanywa kwa wilaya nzima, kila kaya ingepata fungu lake. Msimamizi wa ghala alishaniambia: lete cheti cha kidato cha nne, utaacha kubeba, utashika daftari la stoo. Mgongo wangu wote ulikuwa unasubiri cheti hicho.

Mwalimu wetu wa Kiswahili, binti niliyemzidi miaka kumi, alikuwa na utaratibu wake. Insha ya majaribio ndiyo iliyoamua nani jina lake linaingia kwenye orodha ya watahiniwa. Ukikosa, unasubiri mwaka. Mada ilikuwa simu kwa wanafunzi. Nikamwaga kurasa tatu.

Ijumaa karatasi zikarudi. Yangu ilikuwa na alama tano kwa ishirini, na mduara mwekundu umezunguka aya nzima.

"Kaka, hebu tusomee hapo," mwalimu akasema.

Nikasimama, nikasoma kwa sauti ya mkutano wa hadhara: "Simu hazifai kwa wanafunzi kwa sababu zina madhara. Zina madhara kwa kuwa si kitu kizuri kwa mwanafunzi. Si kitu kizuri kwa sababu, kama tulivyoona, hazifai. Kila mwenye akili analijua hili, na asiyelijua hana akili."

Dada anayeuza kava za simu sokoni, ambaye hukaa dawati la nyuma yangu, akacheka mpaka akashika ubao wa dawati.

"Braza, mie ndo nauza hayo makava. Nishawishi basi! Zina madhara gani?"

"Si nimesema? Hazifai."

"Hazifai kwa nini?"

"Zina madhara!"

"Haya, tumerudi stendi," akasema. "Halafu eti nikikubishia sina akili. Ukishaniita mjinga kabla sijafungua mdomo, tutabishana saa ngapi?"

Darasa likaangua kicheko. Mie nilichoka tu. Nilichoka hadi kwenye kucha.

Walipotoka wenzangu nikabaki mezani kwa mwalimu. Orodha ilikuwa mbele yake, kalamu imelala juu yake. Nikamwomba aniingize.

"Kwa nini nikuingize?"

"Kwa sababu nimefikia kiwango, mwalimu."

"Najuaje umefikia?"

"Nastahili kuwa kwenye orodha."

"Na unastahili kwa sababu gani?"

Nikafungua mdomo. Neno lililokuja, nililisikia mwenyewe likija, lilikuwa "nimefikia kiwango". Nikaufunga. Nikakaa kwenye dawati la mbele kama mfuko ulioteremshwa.

"Mwalimu, mie sababu nimezitoa nyingi. Hesabu, ni sita."

Hakucheka. Alikuwa amechoka naye, macho mekundu, asubuhi hufundisha shule nyingine. Akaivuta karatasi yangu karibu.

"Hakuna anayehesabu, kaka. Hapa una dai moja, umeliandika mara sita. Yule dada haamini kwamba simu hazifai, na kila sababu uliyompa inamtaka aamini hilo kwanza ndipo aikubali. Sasa itamsaidia nini? Sababu ni kitu ambacho hata anayekupinga anaweza kukitazama akakipima. Ungeandika kwamba wiki iliyopita simu ililia katikati ya kipindi, nikasahau nilipofikia, nikaanza somo upya, dada yule angeweza kukubali kwamba jambo hilo lilitokea. Halafu angebisha kama linatosha. Hapo ndipo mnaanza kujadiliana. Kulirudia dai mwishoni mwa insha ruksa, ndilo hitimisho. Ila kulirudia si kulithibitisha, hata ukilirudia mpaka kesho."

Akafunika kalamu, akaikunja orodha akaiweka kwenye mkoba. Jina langu halikuwemo.

"Mwaka huu bado," akasema. "Jumatatu niletee aya moja tu, yenye sababu moja."