Jumamosi ya Mama Tupokigwe

Mama Tupokigwe wa Mpuguso alikuwa na kipaji kimoja ambacho mchungaji hakuwahi kukisifu kanisani: aliweza kusema uongo huku anamenya ndizi, wala kisu kisisite. Jina lake la ubatizo lilikuwa Vaileth, ila tangu ajifungue binti yake pekee hakuna aliyelikumbuka. Kwa miaka mingi alikuwa amebeba mikungu kichwani kwenda harusi za watu, akapika, akacheza mpaka viatu vikaachia soli. Sasa binti anaolewa, na mama alitaka kitu kimoja tu hapa duniani: uani kwake pajae watu mpaka wengine wakose pa kusimama. Harusi yenye viti vitupu aliiogopa kuliko kufa.

Kwa hiyo siku ilitafutwa kwa makini. Walikaa sebuleni: yeye, mumewe Ambindwile, kaka yake Lazaro aliyekuwa mwenyekiti wa kamati, na bwana harusi mwenyewe, mwalimu Alinanuswe. Kalenda ya chama cha ushirika ilitandikwa mezani.

"Agosti mwanzoni," alisema Lazaro.

"Nane Nane hiyo," Mama Tupokigwe alimkatiza. " Nusu ya watu wako Uyole wanaangalia ng'ombe wa maonyesho. Halafu Maulidi nayo iko hapo hapo, Shekhe wa buchani hatatuchinjia."

"Baada ya hapo?"

"Darasa la saba wanajiandaa na mtihani," alisema Alinanuswe kwa aibu. "Mkuu wa shule hatoi ruhusa kwa mwalimu yeyote. Nami ni msimamizi."

Oktoba ilikuwa ya uchaguzi, ule wa kwanza wa vyama vingi, na mtu hukumwalika mahali bila kuuliza kwanza kofia yake ni ya rangi gani. Novemba kuna kidato cha nne, na mvua ya Tukuyu haina adabu. Desemba ni Krismasi. Kungoja mwaka mwingine nako ni kukaribia Kwaresma, wakati kanisa halifungishi ndoa.

"Mtoto atazeekea hapa ndani," Ambindwile alisema, na hilo ndilo neno lake la pekee jioni ile.

Ikabaki Jumamosi moja katikati ya Septemba. Mtihani umekwisha, kampeni zipo ila hazijachacha, chai haijashamiri kiwandani. Iliyofuata ilikuwa na Askofu mjini Tukuyu kwa kipaimara, na huko ndiko wangekuwa watu wote. Mama Tupokigwe aliigonga tarehe kwa kidole.

"Hii. Na asiitaje mtu. Siku nzuri ikisikika inaibwa."

Hapo ndipo alipokosea. Wenye harusi hapa kwetu huulizana kwanza, jirani kwa jirani, ili wasigongane. Yeye akafunga mdomo. Jumapili ya tangazo la kwanza, mchungaji alisoma ndoa ya Tupokigwe, kisha akageuza ukurasa akasoma ya Lugano, binti wa Elina. Jumamosi ile ile. Kumbe kila mwenye akili aliyeruka mashimo yale yale alikuwa ametua juu ya tuta lile lile, naye Elina pia alikuwa amefunga mdomo.

Elina, yaani Mama Lugano, alikuwa rafiki yake tangu usichana, na mshindani wake tangu siku hiyo hiyo. Ukoo wao ulikuwa mmoja kwa kuoana, kwaya moja, majirani wale wale. Uani pawili pasingejaa.

Kesho yake Mama Tupokigwe alimfuata shambani na kisu chake cha ndizi, akamsalimu.

"Ugonile, dada. Nimekuja kukuonea huruma. Jumamosi ile kuna mgombea mkubwa kutoka Dar. Mkutano ni uwanja wa shule, na anagawa fulana. Mimi nimeshalipia turubai, sina pa kukimbilia. Lakini wewe bado unaweza kujiokoa."

Elina aliinua uso. "Nani kakwambia?"

"Watu wa barabarani, Kiwira."

Elina alifikiri, akashukuru, "Ndaga fijo," akaihamisha harusi yake Jumamosi iliyofuata. Bora kugombea watu na Askofu kuliko na fulana. Mama Tupokigwe alirudi nyumbani akiimba, na moyo haukumsuta hata kidogo. Ulianza kumsuta wiki ya tatu.

Uongo hauna breki; kutoka kwa Elina ulifika kila nyumba. Geresoni, mkuu wa matarumbeta ya kanisa, alipita kumuuliza kama vijana wake wangeweza kuchelewa kidogo, maana walitaka fulana. Shangazi wa kijijini Lupepo akatuma salamu kwamba yeye na wenzake wangekuja wakitoka uwanjani. Wapishi nao wakaomba ruhusa ya kupika mapema ili wawahi fulana.

"Hakuna mkutano!" alisema Mama Tupokigwe.

"Wewe wasema hivyo kwa sababu ya harusi yako," walimjibu. "Unataka tukose."

Angesema ukweli, Elina angesikia kabla ugali haujaiva. Akanyamaza, akawa anakonda.

Siku ikafika. Tupokigwe aliingia kanisani amependeza, na mama akageuka nyuma kuhesabu mabenchi kwa macho. Matupu. Mchungaji mwenyewe alisoma ibada haraka haraka, akichungulia dirishani. Mama Tupokigwe alilia, na watu wachache waliokuwepo walidhani ni furaha. Geresoni alikuwa amekuja, lakini na vijana wanne tu, na baada ya mama kumtolea machozi na chupa ya asali.

Nje, alijifuta uso kwa kanga.

"Geresoni, pigeni. Gari lisielekee nyumbani. Lielekee uwanja wa shule."

"Kwenye mkutano, mama?"

"Nimesema pigeni!"

Uwanjani palikuwa na umati ambao Mpuguso haijawahi kuuona: wachumaji wa chai, kwaya nzima, wanawake wa ngoma wamevaa sare, watoto juu ya kuta. Walikuwa wamesimama juani tangu asubuhi, wana njaa. Waliposikia tarumbeta na kuona gari limefungwa mauamaua, mlio mmoja ulipaa: "Huyooo!" Ngoma zikalia. Gari likazingirwa. Mlango ukafunguliwa, akashuka mwalimu Alinanuswe, kashika suti isichafuke.

Watu wakanyoosha shingo kumtafuta mgombea nyuma yake. Kisha mtu akacheka, wakacheka wote, na kwa kuwa hakuna mgombea aliyekuja wala angekuja, harufu ya pilau ndiyo ikawa ilani. Walimfuata bibi harusi hadi uani kwa mama yake wakicheza. Turubai halikutosha. Watu walikaa juu ya magunia, chini ya migomba, na wengine hawakupata pa kusimama kabisa.

Elina alikuwa mstari wa mbele, na sare yake ya ngoma. Alimkuta Mama Tupokigwe jikoni.

"Mgombea wako ndiye huyo?"

"Ndiye."

"Nilikuachia siku, Vaileth." Hakupaza sauti. "Jumamosi ijayo Askofu yuko Tukuyu. Mwanangu atatembea kati ya mabenchi matupu."

Mama Tupokigwe, aliyeyaona mabenchi hayo asubuhi ile ile, alisikia aibu ikimpanda mpaka masikioni. Aliweka mwiko chini, akatoka nje, akapanda juu ya kinu kilichopinduliwa.

"Jamani! Mgombea alikosa njia, alinipigia simu!" Mpuguso nzima hapakuwa na simu. "Anakuja Jumamosi ijayo, kwa Mama Lugano! Mkimaliza kwa Askofu, pandeni gari moja kwa moja. Asiyefika, asiniombe ndizi tena maishani!"

Uani palilipuka kwa kicheko. Walikuwa wamemwelewa, na mtu wa Mpuguso akishacheka namna hiyo amekubali.

"Na fulana?" alipiga kelele mchumaji mmoja.

Mama Tupokigwe alimtazama Elina, aliyekuwa amesimama mlangoni mwa jiko huku amejishika kiuno.

"Fulana atagawa Mama Lugano mwenyewe," alisema.

Elina aliuokota ule mwiko, akaanza kumfuata.