Atapiga Tena

Mume wangu hurudi nyumbani saa kumi na moja na nusu jioni. Anatundika funguo za gari, anaweka simu ya kazi mezani mbele yangu, anasema, “Haya, karani,” halafu anakwenda kuoga. Hasemi zaidi kwa sababu hana nguvu za kusema zaidi. Ni fundi bomba. Miaka thelathini na moja ya kulala chali chini ya masinki ya watu imemmaliza mgongo, na maneno nayo yamepungua. Mimi navuta kiti, nafungua daftari, na kazi yangu inaanza pale yake inapoishia.

Ukarani nilitoka nao shuleni, nilikofanya kazi hadi nikastaafu. Huko niliandika majina ya watoto wa watu. Hapa naandika vyoo vyao.

Zamani fundi wangu alipokea kila simu. Siku moja akaacha bomba limefunguliwa nusu kwenye ghorofa ya tatu ili amjibu mteja mwingine, na watu wa ghorofa ya pili wakaoga bila kupenda. Jioni hiyo nikatunga sheria. Ukiwa kazini simu inakaa kwenye droo ya gari, mlio umezimwa. Usipokee ya mtu yeyote, hata yangu. Kila kitu kitaingia kwenye orodha, na asubuhi utaondoka nayo mfukoni. Hakubisha. Nadhani alikuwa akingoja mtu amwambie hivyo tangu ujana.

Watu hudhani orodha ni kunakili tu. Nawaonea huruma. Kwanza kuna simu zisizopokelewa, zile zilizoita mpaka zikachoka. Kuna meseji za kawaida, na za wasap. Kuna taarifa ambazo kampuni ya simu hutuma pale simu ilipokuwa haina mtandao, maana nusu ya maisha yake fundi yuko kwenye vyumba vya chini ambako hata mwanga haufiki: namba fulani ilikupigia mara tatu, mara ya mwisho saa fulani. Halafu kuna taarifa za ujumbe wa sauti, na hizo haziji na maneno ya mtu. Zinakwambia tu kwamba mtu ameacha ujumbe. Kuusikia ni mpaka upige ile namba fupi ya kampuni, uweke simu sikioni na kalamu mkononi.

Usipokuwa makini, mteja mmoja anageuka wateja wanne. Mama Tangi, ambaye tangi lake la juu ya paa halijawahi kupona, hupiga mara mbili, huacha ujumbe wa sauti, hutuma meseji kuuliza kama ujumbe umefika, kisha hupiga tena kwa simu ya dada yake. Kwangu mimi huyo ni mstari mmoja: jina, mtaa, shida, na mwishoni neno moja kati ya matatu. Nenda, piga, au subiri.

Mpwa wangu aliwahi kuniwekea programu ya kufanya kazi hiyo. Alikuwa na nia njema. Programu ikapanga kila kitu kwa namba iliyotuma, na kwa kuwa taarifa zote hutumwa na kampuni, na namba ya mteja imo ndani ya maandishi, ikazirundika zote kwenye mstari mmoja, kana kwamba kampuni ya simu ndiyo iliyozibiwa choo. Nilicheka mpaka nikakohoa. Mpwa alisema atairekebisha. Nikamwambia asijisumbue, karani yupo.

Sasa niseme la aibu. Sikio langu la kushoto lilianza kuondoka miaka mitatu iliyopita, taratibu, na mimi nikahamia la kulia bila kumwambia mtu. Mwaka jana la kulia nalo likaanza kunisaliti. Sauti nazipata, maneno ndiyo hayakai. Wanaume wenye sauti nzito nawapata. Wanawake wapole wananiponyoka, na wazee, na mtu yeyote anayeongea akiwa barabarani. Nasikiliza mara tatu, mara nne, nabaki na jina labda, pengine hata jina sina, namba tu. Kwa hiyo nikajipatia ujanja. Kila nilipokwama niliandika, kwa mwandiko wangu mzuri wa shule, “Atapiga tena.”

Mwanzoni alikuwa mmoja kwa wiki. Siku hizi ni watatu, wanne kwa siku. Cha ajabu, fundi hakuwahi kuniuliza. Na cha ajabu zaidi, wateja hawakuwahi kulalamika. Nikajiambia basi, wanapiga tena kweli.

Kulikuwa na jambo jingine lililonikera. Kila asubuhi, kabla hajawasha gari, fundi alikaa humo dakika kumi nzima na simu sikioni. Nilimwona kupitia dirisha la jikoni. Haongei, anasikiliza tu, na mara nyingine anaandika kitu kwenye goti. Mwanamume wa miaka sitini na mbili anasikiliza nani saa kumi na mbili na nusu asubuhi? Sitaki kusema nilichofikiri, maana mgongo ule haumruhusu. Lakini nilikifikiri, na zaidi ya mara moja chai yake ilimfikia ya vuguvugu.

Jana nilikwenda kliniki ya masikio. Yeye nilimwambia nakwenda kupima presha. Waliniingiza kwenye kachumba kadogo, wakanivisha vidude masikioni, nibonyeze kitufe kila nikisikia mlio. Nilikaa na kidole tayari, na kwa muda mrefu hakikuwa na kazi. Nilijua kabla daktari hajafungua mdomo.

Daktari alikuwa binti mwenye subira, alinitazama usoni akiongea. “Mama, la kushoto halitarudi. La kulia linafuata njia ileile. Kuna kifaa kitakusaidia kuongea na mtu aliye mbele yako. Lakini simu itakuwa kazi.”

“Simu ndiyo kazi yangu,” nikamwambia.

“Basi itabidi utafute msaidizi, mama.”

Nilitoka nikakaa kwenye benchi la korido. Nikampigia mume wangu. Ikaita, ikaita. Nikapiga tena. Mara ya tatu ndipo nikakumbuka droo ya gari na sheria, nani aliyeitunga, na yale maneno ya mwisho: hata yangu. Nilipiga mara ya nne hata hivyo, kwa hasira, na safari hii nilipodhani mashine ya kupokea ujumbe imeshamaliza kusema, nikaongea. Nilichosema sikukishika vizuri. Najua tu kwamba watu wote wa ile korido waligeuka kunitazama, na nesi akaja kuniwekea mkono begani. Kumbe siku hizi napiga kelele.

Jioni saa kumi na moja na nusu, funguo zikatundikwa, simu ikawekwa. “Haya, karani.”

Nikafungua daftari. Mstari wa kwanza, Mama Tangi. Wa pili, mwenye mgahawa, bomba la kuoshea vyombo. Nilikuwa nimechoka uchovu wa kwenye mifupa, lakini mkono ulijua kazi. Mistari kumi na moja ikajaa. Ikabaki namba ya mtu mmoja tu. Simu nne hazikupokelewa, chini yake taarifa ya ujumbe mpya wa sauti, saa nane na dakika kumi na mbili mchana. Jina lililohifadhiwa: Karani.

Ningeweza kuifuta. Nani angejua? Lakini mimi sijawahi kumfuta mtu kwenye orodha. Nikaandika: 12. Mke. Nyumbani. Halafu nikapiga ile namba fupi na kuibana simu kwenye sikio la kulia mpaka likauma.

Nilimsikia mwanamke anapiga kelele. Nilijua ni mimi. Nilijua hata analia. Lakini maneno yalikuja yamevunjika, na nilipobonyeza kurudia yalikuja yamevunjika vilevile. Sauti yangu mwenyewe, na nilikuwa siwezi kujisikia. Niliogopa kuliko nilivyoogopa kwa daktari. Mkono ukaandika, kwa mazoea tu, “Atapiga tena.”

Fundi alitoka bafuni na taulo shingoni, akalivuta daftari kama kila siku. Akasoma kimya, kidole kikishuka mstari hadi mstari. Kwenye wa kumi na mbili kikasimama. Akanitazama, akarudi kwenye karatasi. Kisha akalisogeza daftari kwangu, akavuta kiti chake mpaka mbele yangu kabisa, pale mwanga wa dirisha ulipomwangukia usoni.

“Mama watoto,” alisema polepole. “Hawa wa ‘atapiga tena’, mimi huwasikiliza kila asubuhi. Garini.”

Nikaiweka kalamu chini.

“Ukishasikiliza, ujumbe haufutiki. Unahifadhiwa siku kadhaa. Napiga ile namba fupi, wananiambia hakuna mpya, wananipa wa zamani. Nawasikiliza wale uliowaacha.”

“Tangu lini?”

“Tangu mwaka jana. Mvua zilipoanza.”

Karibu mwaka mzima. Dakika kumi kila asubuhi, na mgongo ule, kwenye kiti kile kigumu. Na mimi na chai yangu ya vuguvugu. “Kwa nini hukuniambia?” Nadhani nilipiga kelele.

“Wewe hukuniambia,” alisema. “Nikajua hutaki. Mwandiko wako ulikuwa mzuri vilevile, nikaona aibu kuuharibu.”

Nilikasirika, na nilimpenda, vyote kwa pamoja, na sikuwa na nguvu ya kuonyesha hata kimoja. Yeye akachukua simu, akapiga ile namba, akasikiliza. Nilimtazama uso. Uliganda. Akarudia kusikiliza mara ya pili, ingawa yeye masikio yake ni mazima.

Halafu akaiweka simu chini. “Chukua kalamu.”

“Ya nini?”

“Karani, andika. Nasema, unaandika. Kuanzia leo ndivyo tutakavyofanya.” Akangoja nishike kalamu. Kisha akaongea akinitazama, neno moja baada ya jingine, bila kupandisha sauti, na midomo yake nikaisoma kama maandishi.

“‘Baba watoto, ni mimi.’ Umeandika? ‘Daktari anasema na la kulia linakwenda.’ Endelea. ‘Orodha sitaiweza tena. Tafadhali usinitafutie mtu mwingine wa kuiandika.’” Hapo akajifuta uso kwa taulo kana kwamba bado ana maji. “‘Naogopa. Njoo.’”

Niliandika yote, neno kwa neno, kama ninavyomwandikia mteja yeyote. Mwandiko haukuwa mzuri.

“Na mwisho tuweke nini?” akauliza. “Nenda, piga, au subiri?”

“Subiri,” nikasema. “Una watu kumi na mmoja mbele yangu.”

Akaitoa kalamu mkononi mwangu. Vidole vyake ni vinene, vimejaa makovu, na mwandiko wake hata mtoto wa darasa la kwanza anamshinda. Akainama juu ya mstari wa kumi na mbili, akaandika neno ambalo halikuwa miongoni mwa yale matatu: “Nimefika.”