Kibao cha Melkizedek Samwel, Wakili

Shemeji yangu Melkizedek, mdogo wa marehemu mume wangu Donati, alikuwa wakili hapa Kilosa. Ofisi yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yangu, na kwenye kibao aliandika jina la baba yao, Samwel, katekista aliyeheshimika milima yote hii.

Yusrah wa Rudewa alimshtaki kwenye kamati ya nidhamu ya mawakili. Alinyang'anywa shamba kwa hati ya kiapo ya mjomba wake, Mudi. Melkizedek aliigonga muhuri akithibitisha kwamba Mudi aliapa na kusaini mbele yake, Kilosa. Yusrah akasema siku hiyo Mudi alikuwa amelazwa Mikumi, mguu umefungwa plasta.

Mjumbe aliyetumwa kumpelekea wito wa kamati aliuacha kwenye ofisi ya zamani ya Melkizedek kule Mikumi, iliyokwisha kufungwa, kisha akaapa kwamba amemkabidhi mkononi. Kamati ikaamini, ikaendelea bila yeye na kumfuta kwenye orodha ya mawakili. Nilichukizwa. Hata mwizi wa kuku husikilizwa. Nilimhimiza akate rufaa, na Mahakama Kuu ikakubali kwamba hakupewa nafasi ya kujitetea. Ikafuta uamuzi, ikaamuru kamati imsikilize upya.

Ukoo ukachinja mbuzi. Wifi yangu Editha akapiga vigelegele: "Mahakama imemsafisha mdogo wetu!"

"Imesema asikilizwe," nikamjibu. "Kama ana kosa au hana, haijagusa."

"Mwalimu naye! Hata kwenye pilau unasahihisha?"

Melkizedek akanifuata jikoni, midomo inang'aa mafuta.

"Shemeji, nakuomba uniapie. Sema ulimwona Mudi akiingia ofisini siku ile. Nyumba ni yako, watakuamini."

"Aliingia?"

"Karatasi aliileta mpwa wake mwingine, imeshasainiwa. Shemeji, mawakili wote tunagonga hivyo hivyo. Nani ana muda wa kumsubiri kila mzee?"

Alisema huku akichokonoa meno. Nyama iliyokuwa kinywani nikaitema kwenye majivu.

"Ulilia kwamba mjumbe ameapa uongo juu yako. Leo unataka mimi niape uongo juu ya Yusrah?"

"Ni jina la Donati pia. Nikifutwa, watoto wako wataitwa nani?"

"Wataitwa watoto wa Donati Samwel. Na mama yao hataapa."

Safari hii wito alipewa mkononi, akaenda, akasikilizwa mpaka akamaliza. Aliulizwa kama Mudi alisimama mbele yake. Akajiumauma, mwishowe akakubali kwamba hapana. Akafutwa tena, na hakukata rufaa.

Editha hanisalimii kanisani. Anasema nimeliuza jina la baba yao.

Kibao nilikiteremsha mwenyewe. Nilitaka kukichoma, lakini jina la baba mkwe sichomi. Nimekwangua "Melkizedek" na "Wakili" kwa kisu cha jikoni. "Samwel" limebaki.